Bima Yangu ya Akiba Ilinipa Asilimia Ngapi kwa Mwaka?

Bima yangu ya akiba iliiva mwaka 2024, baada ya miaka 10 ya kukatwa shilingi 5,000 kila mwezi kwenye mshahara wangu wa ualimu hapa Kenya. Nilikuwa nimelipa jumla ya shilingi 600,000, na kampuni ikanilipa 720,000. Ajenti alinipigia simu kunipongeza. "Mwalimu, umepata faida ya laki moja na ishirini, asilimia 20 nzima," akaniambia, na papo hapo akataka tupange siku nikate nyingine.

Nyumbani mume wangu alichukua kalamu akagawanya 20 kwa miaka 10, akasema tumepata asilimia 2 kwa mwaka na tumeliwa. Nilikaa na namba hizo mbili kwa siku kadhaa, moja ya kufurahisha na moja ya kukasirisha, na zote zilitokana na fedha zilezile. Nilitaka kujua ipi ya kweli kabla sijajibu simu ya ajenti, tena wifi yangu alikuwa anaulizia bima hiyohiyo kwa ajili ya wanawe. Ukweli ni kwamba zote mbili zilikosea. Naandika jinsi nilivyolipata jibu ili mwenye hati ya bima kabatini aweze kulitafuta lake mwenyewe.

Asilimia 20 ya ajenti haina muda ndani yake. Faida ya laki moja na ishirini ni kubwa ukiipata kwa mwaka mmoja, na ni ndogo sana ukiisubiri miaka 10, kwa hiyo tarakimu isiyotaja muda haikusaidii kulinganisha na chochote. Mume wangu aliweka muda, ila aliweka muda usio sahihi. Alihesabu kana kwamba siku ya kwanza niliipa kampuni shilingi 600,000 zote kwa mkupuo. Mimi sikutoa hivyo. Elfu tano ya kwanza ilikaa kwao miezi 120, ya pili miezi 119, na elfu tano ya mwisho ilikaa mwezi mmoja tu. Ukizichukua zote kwa wastani, kila shilingi yangu ilikaa kwao miezi 60 na nusu, yaani miaka mitano na kidogo.

Hapo ndipo ilipo njia ya haraka ya kukadiria, ambayo unaweza kuifanya ukiwa umesimama kwenye foleni ya benki. Gawanya faida kwa jumla ya ulicholipa, kisha gawanya jibu kwa nusu ya miaka ya bima, si kwa miaka yote. Kwangu ilikuwa asilimia 20 kugawanya kwa 5, sawa na asilimia 4 hivi kwa mwaka. Jibu kamili huwa chini kidogo ya hapo, kwa sababu makadirio haya hayahesabu riba inayozaa riba. Lakini yanatosha kukuonyesha kama anayezungumza nawe yuko karibu na ukweli au yuko mbali.

Jibu kamili nilisaidiwa na mwalimu mwenzangu wa hisabati, kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu. Swali tulilouliza ni hili: je, ningekuwa na akaunti inayolipa riba moja isiyobadilika, nikaweka 5,000 kila mwanzo wa mwezi kwa miezi 120, riba hiyo ingepaswa kuwa ngapi ili mwishoni nikute 720,000 kamili? Riba hiyo ndiyo pato halisi la bima. Haina njia ya mkato ya kuipata kwa kalamu, inabidi kujaribu na kurudia, na Excel inafanya kazi hiyo kwa fomula moja:

```
=RATE(120,-5000,0,720000,1,0.005)
```

120 ni idadi ya malipo. -5000 ni fedha inayotoka mfukoni, na alama ya kutoa ni ya lazima. Ukiisahau utapata `#NUM!`, kwa sababu kompyuta inaona fedha inaingia tu na haioni iliyotoka. Sifuri ni kwamba sikuanza na salio lolote. 720000 ndiyo iliyoingia mwishoni. Ile 1 inasema malipo hufanyika mwanzoni mwa kipindi, maana bima hulipiwa kabla ya mwezi kufunikwa. Na 0.005 ni pa kuanzia kubahatisha.

Tulipobonyeza, kisanduku kilituonyesha `0%`. Nilishtuka, nikadhani hata mume wangu alikuwa amenionea huruma. Mwenzangu akaniambia nisubiri: Excel ilikuwa imekata desimali. Alipoziongeza, ikasomeka 0.29%, na hiyo ni riba ya mwezi mmoja. Ili kupata ya mwaka, huzidishi kwa 12 tu, kwa kuwa riba ya Januari nayo huzaa mwezi Februari. Ikiwa jibu la mwezi liko kwenye B1, andika:

```
=(1+B1)^12-1
```

Tukapata asilimia 3.6 kwa mwaka.

Mwenzangu hakuridhika na jibu la fomula. Alitengeneza safu ya mistari 120: salio la mwezi uliopita, ongeza 5,000, kisha zidisha kwa 1.002933. Alivuta hadi chini, na mstari wa mwisho ukafika shilingi 720,000, kwa kupishana kidogo sana. Nakushauri uitengeneze safu hiyo hata kama fomula imekubali. Ndipo utakapoona kwa macho yako jinsi salio linavyokua polepole miaka ya mwanzo, na utakuwa na karatasi ya kumwonyesha yeyote atakayekubishia.

Asilimia 3.6. Katika miaka hiyo bei za vitu Kenya zilikuwa zinapanda kwa wastani wa kati ya asilimia 4 na 8 kila mwaka. Maana yake 720,000 nilizopokea zilinunua vitu vichache kuliko 600,000 zangu zingenunua siku nilizozitoa. Dhamana za serikali za miaka 10, yaani hati za kuikopesha serikali, zilizouzwa wakati naanza zilikuwa zinalipa zaidi ya asilimia 10 kabla ya kodi. Niliumia kuliona hilo kwa tarakimu, sikatai.

Nilirudi kwenye hati yenyewe kutafuta sababu, na sababu ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza. Kiasi cha bima kilikuwa 550,000. Hicho ndicho kiasi pekee ambacho kampuni ilikuwa imejifunga kunilipa, na ni pungufu ya 600,000 nilizoahidi kulipa. Chote cha juu yake kilikuwa bonasi. Na bonasi, ambayo ajenti huizungumzia kama riba, ina kanuni zake. Bonasi yangu ilihesabiwa kwa asilimia ya kiasi cha bima, haikuhesabiwa kwa fedha zilizolundikana. Ikitangazwa, huongezwa kwenye kile utakacholipwa bima ikiiva, kwa hiyo bonasi iliyotangazwa mwaka wa pili itasubiri miaka minane bila kuongezeka. Kwangu ilitangazwa kwa wastani wa asilimia 2.6 kwa mwaka, ikafika 143,000 kwa miaka 10, na mwishoni wakaniongezea bonasi ya kufungia ya 27,000. Jumlisha na 550,000 utapata 720,000.

Kwenye karatasi ya mapendekezo ya mwaka 2014 bonasi ilikuwa imekadiriwa kuwa asilimia 5, na kiasi cha mwisho kikaandikwa 825,000. Chini yake, kwa herufi ndogo, kuna sentensi inayosema kiasi hicho ni kielelezo na hakina dhamana. Niliingiza tarakimu zote mbili kwenye fomula ileile. Kwa 825,000, pato lingekuwa asilimia 6.2. Kwa 550,000 tu, yaani ahadi tupu bila bonasi, pato ni hasi, asilimia 1.7 chini ya sifuri kila mwaka. Kwa hiyo hata mambo yangekwenda kama karatasi ilivyosema, nisingefika popote karibu na dhamana za serikali, na hilo lingeweza kujulikana kabla sijatia sahihi. Fomula haihitaji kusubiri bima iive. Inahitaji premiamu, yaani malipo ya kila mwezi, idadi ya miezi, na kiasi cha mwisho, na vyote vitatu viko kwenye karatasi ya mapendekezo.

Lakini kuna fedha nyingine ambayo sikuwa nimeihesabu, na ndiyo iliyobadilisha picha yote. Kenya, mtu anayelipia bima ya maisha, au bima ya elimu yenye muda usiopungua miaka 10, hupewa nafuu ya kodi ya asilimia 15 ya premiamu, kwa kikomo cha nafuu cha shilingi 60,000 kwa mwaka. Kikomo hicho ni cha bima zako zote kwa pamoja. Kwa premiamu ya 5,000, nafuu ni 750 kwa mwezi, na inapunguza kodi yenyewe inayokatwa kwenye mshahara, si mshahara unaotozwa kodi. Nilichambua hati zangu za mshahara za miaka yote nikaiona ipo, mstari mdogo chini ya ile nafuu ya kila mfanyakazi. Kwa hiyo kilichotoka mfukoni mwangu kila mwezi hakikuwa 5,000, kilikuwa 4,250.

Rudia fomula na -4250 badala ya -5000, mengine yote yabaki, na jibu la mwaka linakuwa asilimia 6.7. Limekaribia maradufu.

Nilifurahi, kisha nikajizuia, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganya mambo. Asilimia 3.6 ndiyo kazi iliyofanywa na kampuni kwa fedha zangu. Asilimia 6.7 ndiyo niliyopata mimi, na tofauti kati yake imelipwa na serikali. Ajenti akikuonyesha pato lililochanganywa na nafuu ya kodi, mwombe akutolee nafuu kwanza, kwa kuwa kampuni yoyote itakayokuuzia bima ya namna hiyo inakuja na nafuu ileile, na kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya kuchagua yeye kuliko mwingine. Isitoshe, nafuu hiyo si kubwa kuliko zote. Mchango kwenye mfuko wa pensheni uliosajiliwa hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa, hadi kikomo kilichowekwa na sheria. Mtu ambaye kipato chake cha juu kinatozwa asilimia 30 anaokoa 1,500 kwa kila 5,000, mara mbili ya nafuu ya bima. Fedha hizo hufungwa hadi karibu na kustaafu, kwa hiyo haziwezi kulipa karo ya mtoto, na hilo lazima mtu alipime.

Nafuu hii haiji yenyewe. Kampuni hutoa cheti cha premiamu ulizolipa, na cheti hicho ndicho unachompelekea mwajiri, au unaingiza maelezo yake kwenye ritani yako ya mwaka ya iTax. Mwalimu mmoja wa shule jirani alikuwa na bima kama yangu, na tulipofungua hati zake za mshahara hatukuona mstari wa nafuu hata mwezi mmoja. Pato lake lilibaki 3.6, na yeye alikuwa akidhani makato yale yanashughulikia kila kitu. Kama una bima sasa hivi, chukua hati ya mshahara ya mwezi uliopita utazame mstari huo leo.

Kuna jambo moja la kuitetea bima, na haki yake niiseme. Miaka yote 10 ningefariki, familia yangu ingelipwa 550,000 pamoja na bonasi zilizokwisha kutangazwa, hata kama ningekuwa nimelipa miezi mitatu tu. Ulinzi huo una bei, na bei yake ilikuwa ndani ya 5,000 yangu. Niliulizia kwenye kampuni nyingine bima ya maisha tupu, isiyo na akiba, ya kiasi hicho kwa miaka 10 kwa mtu wa umri niliokuwa nao nilipoanza. Wakaniambia kama shilingi 300 kwa mwezi. Nikaitoa: sehemu ya akiba ikawa 4,700, na pato la akiba hiyo, bila nafuu ya kodi, likapanda hadi asilimia 4.8. Kwa hiyo ulinzi wa kifo unaeleza sehemu ya udogo wa pato, lakini hauelezi sehemu kubwa. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye kamisheni na gharama za uendeshaji, hasa miaka ya mwanzo, na hiyo ndiyo sababu anayevunja bima mapema huumia zaidi.

Hilo la kuvunja nimelishuhudia kwa rafiki yangu aliyeacha baada ya miaka minne. Alikuwa amelipa 240,000, akarudishiwa 132,000. Kwenye hasara fomula inaweza kutoa kosa ikianza kubahatisha upande wa faida. Ukijua umepata hasara, ipe pa kuanzia palipo hasi:

```
=RATE(48,-5000,0,132000,1,-0.02)
```

Tulipoligeuza jibu la mwezi kuwa la mwaka, lilikuwa karibu asilimia 28 hasi. Anayefikiria kuvunja asiishie kutazama alichokwisha kulipa, maana hicho kimekwenda. Aiulize kampuni kwa maandishi thamani ya kuvunjia leo, kisha ahesabu pato la miaka iliyobaki peke yake: fedha ya kuanzia ni ile thamani ya kuvunjia, iwekwe pale palipokuwa na sifuri ikiwa na alama ya kutoa, malipo ni miezi iliyobaki, na mwisho ni kiasi cha bima pamoja na bonasi. Nimeona bima mbovu kwa jumla ambayo miaka yake mitatu ya mwisho ilikuwa inalipa vizuri tu, kwa sababu gharama zote zilikuwa zimeshaliwa mwanzoni. Aliyeivunja hapo angejikata mara mbili.

RATE inafanya kazi pale tu malipo yanapolingana na fedha ikirudi mara moja. Bima nyingi za elimu hulipa kwa mafungu, asilimia 20 mwaka huu, asilimia 20 mwaka ujao, na kadhalika. Wengine walikosa makato miezi kadhaa wakalipa malimbikizo na faini, au walikopa kwa dhamana ya bima. Hapo andika tarehe kwenye safu A na fedha kwenye safu B, zilizotoka zikiwa na alama ya kutoa na zilizoingia bila alama, kisha:

```
=XIRR(B2:B130,A2:A130)
```

Badala ya 130 weka namba ya mstari wako wa mwisho. Fomula hii hutoa jibu la mwaka moja kwa moja, usilipandishe tena kwa 12. Weka tarehe ambayo fedha iliingia benki, usiweke tarehe ya kuiva iliyoandikwa kwenye hati. Kampuni ikichelewesha malipo kwa miezi, ucheleweshaji huo utaonekana kwenye pato kama inavyostahili. Tarakimu zitoe kwenye taarifa ya malipo ambayo kampuni ina wajibu wa kukupa ukiiomba, na uilinganishe na hati za mshahara. Kwangu mwezi mmoja ulikuwa umekatwa kwenye mshahara bila kuonekana kwa kampuni, na tuliurekebisha kabla sijatia sahihi fomu ya kukubali malipo ya mwisho. Ukishatia sahihi ile fomu, umekubali kwamba hudai kitu tena.

Wifi yangu alikuja na karatasi yake ya mapendekezo Jumamosi moja tukaihesabu mezani: mara ya kwanza kwa kiasi kilichodhaminiwa tu, mara ya pili kwa kielelezo cha ajenti, na zote mbili kabla ya nafuu. Alimrudia ajenti na swali moja, kwamba kampuni ilitangaza bonasi ya asilimia ngapi katika kila mwaka wa miaka 10 iliyopita, na akataka jibu kwa maandishi. Jibu lilipokuja, bonasi zilizotangazwa zilikuwa chini ya kielelezo miaka yote. Akakata bima ya maisha tupu kwa kiasi kikubwa kuliko kile alichokuwa anauziwa, na fedha iliyobaki anaiweka kwenye chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake, ambako kila mwaka anasomewa gawio kwenye mkutano mkuu na anaweza kuuliza maswali.

Ajenti wangu nilimpigia mwenyewe. Nilimsomea 3.6, nikamweleza ilivyopatikana, naye akaniomba nimtumie ile safu ya mistari 120. Nikamtumia.